Kisukari na ufizi: maswali wanayouliza wagonjwa wa Amu na visiwani kabla ya kukaa kwenye kiti cha meno

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kutoka kwa watu wenye sukari, wa Amu mjini, wa Shela, na wanaovuka na boti kutoka Faza, Siyu na Kizingitini. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Ukiwa na haraka kwa kuwa miadi yako ni kesho, anza na swali la tano na la sita.

1. Nina sukari, na nikipiga msuaki fizi zinatoka damu. Ni sukari, au msuaki ni mgumu?

Mara nyingi si msuaki. Ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa na brashi. Damu inaonyesha kwamba ukoga umekaa pale jino linapokutana na nyama kwa siku kadhaa, na ufizi umevimba. Hali hiyo humpata yeyote, awe na sukari au asiwe nayo, na katika hatua hii hurudi sawa kabisa ukisafishwa.

Sukari inaingia katika kinachofuata. Kwa mtu ambaye sukari yake haijatulia, uvimbe ule haubaki juu juu. Unashuka kando ya mzizi, nyama inaachana na jino, na mfupa ulioshika jino unaanza kuliwa. Hapo si uvimbe wa ufizi tena, ni ugonjwa wa ufizi wenyewe, na mfupa uliokwenda haurudi kwa kupiga msuaki. Hatari ya mwenye kisukari kupata ugonjwa huu ni kubwa mara mbili hadi tatu kuliko ya asiye nacho, na hatari hiyo hupanda kadiri sukari inavyokaa juu. Mwenye sukari aliyeitawala vizuri hayuko mbali na mtu wa kawaida.

Wengi wakiona damu huacha kupiga msuaki upande ule ili "upone". Ukoga unaongezeka na damu inazidi. Endelea kusugua taratibu palepale panapotoka damu.

2. Sukari iko kwenye damu. Inafikaje mdomoni?

Ufizi umejaa mishipa midogo sana ya damu, kwa hiyo kilichomo kwenye damu kimo kwenye ufizi pia. Sukari ikikaa juu kwa miezi, inajishika kwenye protini za mwili, pamoja na zile nyuzi ngumu zinazofunga jino kwenye mfupa. Nyuzi zikishashikwa na sukari zinakuwa kavu, hazijengeki upya kama kawaida, na kidonda kidogo kinachukua muda mrefu kufunga.

Chembe nyeupe za damu nazo, ambazo ni askari wa mwili, zinachelewa kufika penye vijidudu, na zikifika zinapigana ovyo. Zinamwaga kemikali nyingi ambazo haziui vijidudu vya kutosha, lakini zinayeyusha mfupa uliopo jirani. Ndiyo maana watu wawili wenye ukoga sawa, mmoja ana sukari na mwingine hana, huweza kuwa na mfupa tofauti kabisa kwenye picha ya eksirei.

Juu ya hayo mate hupungua. Mdomo mkavu hauoshwi na chochote, na fangasi hupata nafasi. Mwaka 1993 mtaalamu Harald Löe aliandika kwamba ugonjwa wa ufizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita la kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Kliniki ya sukari hukagua macho yako na nyayo zako. Mdomo mara nyingi hausemwi, kwa hiyo itabidi uuseme wewe.

3. Na huo ufizi unawezaje kupandisha sukari?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu tumezoea kufikiri sukari ndiyo inayoharibu viungo, si kiungo kuharibu sukari.

Ukiwa na ugonjwa wa ufizi, kati ya jino na nyama kuna mfuko, na ukuta wa ndani wa mfuko ule ni kidonda. Kwa kuwa uko ndani huuoni wala hauumi sana. Lakini jumlisha mifuko ya meno 28: watafiti waliopima walikadiria eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20 kwa mgonjwa wa kawaida. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni, usingelala. Kikiwa mdomoni mtu hukaa nacho miaka kumi.

Kidonda kile kinatuma kwenye damu kemikali za uvimbe, usiku na mchana. Kemikali hizo zinazuia insulini isifanye kazi yake kwenye misuli na ini. Insulini ipo, iwe ya mwili wako au ya sindano, lakini mlango haufunguki sawasawa, na sukari inabaki kwenye damu. Ni njia ileile inayofanya sukari ipande ukiwa na homa au jipu, isipokuwa hii haiishi baada ya wiki moja. Ikishapanda inaudhoofisha ufizi zaidi, na ufizi nao unaipandisha tena.

4. Kwa hiyo nikisafishwa meno sukari itashuka?

Itashuka kidogo, na ni vizuri kujua ni kidogo kiasi gani ili usije ukadanganywa. Kuna kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho watu hukiita sukari ya miezi mitatu, kwa sababu kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita na si wa leo peke yake. Mwaka 2022 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti zaidi ya 30 za watu wenye kisukari waliotibiwa ufizi. Baada ya miezi mitatu au minne HbA1c ilishuka kwa wastani wa asilimia 0.43, na baada ya mwaka ilikuwa chini kwa 0.50 ikilinganishwa na wale ambao hawakutibiwa. Yaani 8.5 inakuwa kama 8.0. Nyongeza ya kidonge cha pili cha sukari wakati mwingine huleta mabadiliko yasiyo mbali na hayo.

Si kila utafiti ulipata matokeo hayo. Mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013 kwa watu 514, haukuona tofauti yoyote baada ya miezi sita. Waliousoma kwa makini walisema wagonjwa wale walibaki na ukoga mwingi na damu ya fizi hata baada ya tiba, kwa hiyo ufizi wenyewe haukuwa umepona. Mimi naona hoja hiyo ina uzito: kinachosaidia sukari ni ufizi uliotulia, na kusafishwa mara moja hakutoshi ikiwa hautulii. Na hakuna anayesema uache metformini kwa kuwa umesafishwa meno.

5. Nimwambie nini daktari wa meno?

Usingoje aulize. Kwenye fomu watu hujaza "sukari: ndiyo" wakaishia hapo, na neno hilo moja halimsaidii daktari kuamua lolote. Mtu aliyejipanga husema hivi:

"Dokta, nina sukari ya aina ya pili tangu mwaka 2016. HbA1c yangu ya mwezi wa tatu ilikuwa 9.1. Leo asubuhi kipimo cha kidole kilikuwa 8.4. Nameza metformini mara mbili na glibenklamidi asubuhi, na ya presha ni amlodipini. Nimekula saa moja na nusu. Sukari ilinishuka vibaya mara moja mwezi uliopita. Figo waliniambia zimeanza kuchoka."

Ni nusu dakika tu, na kila sentensi ina kazi. HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, inamwambia daktari kidonda kitapona vipi na ugonjwa wa ufizi utakimbia kwa kasi gani. Katika utaratibu wa kimataifa wa kupanga ugonjwa huu uliotoka mwaka 2018, mwenye sukari ambaye HbA1c yake ni 7 au zaidi huwekwa moja kwa moja kwenye daraja la ugonjwa unaokwenda mbio. Bila namba hiyo daktari anakisia tu. Kipimo cha leo kinamwambia kama unaweza kukaa kwenye kiti sasa hivi. Saa uliyokula, ukiiweka pamoja na dawa, inamwambia kama sukari yako itashuka katikati ya kazi.

Dawa zitaje kwa majina, au njoo na vikopo vyenyewe ndani ya mfuko. "Kile kidonge cheupe" hakitoshi. Insulini na glibenklamidi zinaweza kushusha sukari hadi ukazimia, wakati metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo, kwa hiyo daktari anakuangalia kwa macho tofauti. Glibenklamidi ina jambo jingine. Ukipewa dawa ya fangasi ya mdomoni ya aina ya mikonazoli, au vidonge vya flukonazoli, zinaizidisha nguvu glibenklamidi na sukari inaweza kuanguka. Jeli ya kupaka kwenye ulimi haionekani kama dawa ya kuogopwa, na hiyo ndiyo hatari yake.

Taja figo. Baada ya kung'olewa jino, kawaida watu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani. Kwa figo zilizochoka dawa hizo ni mbaya, na parasetamoli ndiyo salama zaidi. Taja pia aspirini, klopidogreli au wafarini kama unameza, lakini usiziache mwenyewe ili "damu isitoke". Mtu mwenye moyo mbovu akiacha aspirini siku tano kwa sababu ya jino anaweza kupata balaa kubwa kuliko jino.

Mwisho, sema kama unavuta sigara. Watu huficha hili mbele ya mke au mtoto aliyewaleta. Sigara hubana mishipa ya ufizi, damu haitoki hata kama mfupa unaliwa, na daktari asiyejua atadhani ufizi wako una nafuu. Kama unatafuna miraa au muguka kwa peremende na soda, sema pia, maana hiyo soda inaonekana kwenye kipimo cha sukari.

6. Niende nimekula, au niende na tumbo tupu?

Nenda umekula. Kwenda na tumbo tupu ni kwa ajili ya usingizi wa upasuaji mkubwa. Ganzi ya meno ni sindano ya mahali pamoja na haihitaji kufunga.

Tuchukue mfano, kwa sababu visiwani jambo hili lina sura yake. Mama wa miaka 54, wa Faza, ana sukari ya aina ya pili kwa miaka tisa. Anajidunga insulini mchanganyiko asubuhi na jioni na kumeza metformini. HbA1c yake ni 9.4. Meno ya mbele ya chini yanacheza, na kila miezi michache hutokea kijipu kwenye ufizi. Amepewa miadi Amu saa tatu asubuhi.

Boti ya kuja Amu hupita Mkanda, na Mkanda unangoja maji. Siku hiyo maji yanamtaka nahodha aondoke alfajiri. Mama anajidunga insulini yake saa kumi na moja na nusu kama kawaida, lakini hali kitu: anaogopa kutapika baharini, na tena anaona haya kumfungulia daktari mdomo uliotoka kula. Insulini ile inatakiwa ifuatwe na chakula ndani ya nusu saa. Anafika saa mbili na nusu, anakuta foleni, na zamu yake inafika saa nne. Kabla ya sindano ya ganzi anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamkwama. Mtu asiyejua atasema ni woga wa sindano. Kipimo cha kidole kinasoma 3.1 mmol/L.

Chini ya 4 hakuna kazi ya meno inayoanzwa. Anapewa sukari ya kawaida vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, ikakorogwa ndani ya nusu glasi ya maji, anywe yote. Wanangoja dakika 15 na kupima tena: 4.8. Ndipo anapewa mkate na chai, kwa sababu ile sukari ya maji haikai muda mrefu na insulini bado iko kazini. Siku hiyo hakusafishwa. Alipigwa picha, mifuko ikapimwa, akapangiwa siku nyingine.

Safari ya pili ilipangwa hivi. Alikuja jioni moja kabla na kulala kwa jamaa zake Langoni. Asubuhi alijidunga, akala mahamri mawili kwa mbaazi saa moja na nusu, kama kiamsha kinywa chake cha siku zote, na kufika saa mbili na nusu. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu aliomba hivyo na kueleza sababu. Kipimo kilisoma 9.2, kazi ikaanza. Mfukoni alikuwa na tende, kwa ajili ya njiani. Angekuwa lazima aje na boti ya alfajiri siku ileile, ingefaa aombe ushauri wa kliniki yake ya sukari kuhusu kuahirisha sindano hadi atakapofika na kukaa kula. Si jambo la kujipangia mwenyewe ndani ya boti.

Kuna sababu nyingine ya kula kwanza. Ganzi hukaa saa mbili hadi tatu, na wakati huo huwezi kutafuna bila kujiuma ulimi. Ikiwa hukula kabla, unajikuta saa saba mchana dawa iko tumboni na chakula hakipiti.

7. Sukari ikiwa juu siku hiyo, watanirudisha nyumbani?

Inategemea kazi. Kusafisha kwa kawaida, au kung'oa jino lisilo na dharura, madaktari wengi huahirisha sukari ikiwa imepita 13 hadi 15, na hawalingani wote. Jipu ni kinyume: usaha hutolewa hata kama sukari ni 18, kwa sababu jipu lenyewe ndilo linaloipandisha, na kungoja ishuke kwanza ni kungoja kisichokuja. Ikiwa mashine yako ya nyumbani inasoma namba kubwa kama 160 au 250, inatumia mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L, au mwonyeshe daktari kioo chenyewe.

8. Tiba ya ufizi hufanywaje?

Kwanza hupimwa. Daktari huteremsha kijiti chembamba chenye mistari kando ya kila jino, sehemu sita kwa jino moja, na msaidizi anaandika namba. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4 ni mfuko, na 6 au zaidi ni mfuko wa kina ambao msuaki wako hauufikii hata ukifanya nini. Wanaandika pia panapotoka damu. Omba kusomewa namba zako, ni haki yako, na zinakusaidia kujua kama unapona.

Kisha unasafishwa ndani ya mifuko kwa ganzi, kwa mashine inayotikisika na kumwaga maji, halafu kwa vyuma vya mkono. Kinachotolewa ni ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa kama jiwe juu ya mzizi. Mara nyingi hufanywa nusu ya mdomo kwa safari moja. Kwa wa visiwani ni vizuri kuomba safari mbili zifuatane siku mbili tatu badala ya kurudi kila mwezi. Viuavijasumu havitolewi kila mara. Kumeza amoksilini bila kutoa ugaga ni kupoteza dawa, kwa kuwa vijidudu vimejificha ndani ya ukoga ambako dawa haiwafikii vizuri.

Baada ya kama miezi mitatu mifuko hupimwa tena. Kwa yule mama wa Faza tungetarajia mifuko ya 6 irudi 4, ile ya 7 pengine ibaki 5, na damu ipungue sana. Jino moja la mbele ambalo limebaki na mfupa kidogo kwenye ncha linaweza kung'olewa tu. Mlingoti ambao mchanga umeliwa na maji hausimami kwa kupakwa rangi.

9. Nimesafishwa, sasa meno yamekuwa marefu na yana mapengo. Wameniharibia?

Hapana. Nyama ilikuwa imevimba na ugaga ulikuwa umejaza nafasi. Uvimbe ukishuka, kilicholiwa kinaonekana. Meno yatashtuka kwa maji baridi wiki chache. Mapengo yale sasa yasafishwe kwa vibrashi vidogo vya katikati ya meno, maana uzi peke yake hautoshi kwa nafasi pana.

10. Daktari anasema ufizi wangu umevimba kwa sababu ya dawa ya presha. Kweli?

Inawezekana. Amlodipini na nifedipini, ambazo watu wengi wenye sukari na presha hutumia, kwa baadhi yao hufanya nyama ya ufizi ikue na kufunika meno, hasa ya mbele. Nyama ile inakuwa nene na ngumu, si laini na nyekundu tu, na chini yake ukoga hujificha. Kusafisha vizuri hupunguza. Ikibidi, daktari wa presha anaweza kubadilisha dawa, lakini yeye ndiye abadilishe. Wapo walioziacha wenyewe baada ya kusikia hivi, na presha ikawaangusha.

11. Jino linaniuma siwezi kula. Niache insulini kwa kuwa sili?

Usiache yote. Maumivu na usaha hupandisha sukari hata kama hujala, na mtu anayeacha insulini kabisa siku hizo ndiye anayeishia hospitali akitapika na kupumua kwa nguvu. Pima kila baada ya saa nne, kunywa maji mengi na uji mwepesi, na upige simu kliniki yako wakuelekeze dozi. Metformini ni habari nyingine: kama unatapika na umekauka maji, mara nyingi watakwambia uisimamishe kwa muda.

Na ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki, mate hayamezeki, au una homa, hiyo si ya kungoja miadi. Kwa mwenye sukari usaha huenea haraka na unaweza kuziba njia ya pumzi. Ukiwa Kizingitini, tafuta boti saa ileile.

12. Ramadhani naweza kutibiwa meno?

Kazi isiyo na haraka ifanywe Shaabani au baada ya Idi, maana mwenye sukari aliyefunga akidungwa ganzi na kuumia hana cha kula kumrudisha. Kama ni dharura tibiwa, na la saumu mwulize shekhe wako. Kwa upande wa afya mwongozo uko wazi: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, funga inavunjwa saa ile. Kupima kidoleni hakufunguzi, na maulamaa wengi wamesema hivyo. Baada ya futari na daku piga msuaki kweli, kwa sababu kaimati, tende na maji ya matunda vinakaa usiku kucha kwenye mdomo mkavu.

13. Msuaki wa mti, maji ya chumvi na karafuu vinasaidia?

Msuaki wa mti ukitumiwa vizuri unasafisha upande wa mbele wa meno na ukingo wa ufizi, na mimi simkatazi mtu. Udhaifu wake ni nyuma ya magego na katikati ya meno, mahali ambapo ugonjwa huu huanzia. Ongeza brashi na vibrashi vya katikati. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza baada ya kusafishwa. Mafuta ya karafuu huua maumivu kwa muda, lakini hayafiki chini ya mfuko, na mengi yakipakwa huunguza nyama.

14. Mimi sina sukari, lakini daktari wa meno amenitaka nikapime. Kwa nini?

Ameona dalili. Vijipu vya ufizi vinavyojirudia, utando mweupe wa fangasi, mdomo mkavu, na mfupa uliopungua kuliko umri wako na ukoga wako vinavyoeleza. Kisukari cha aina ya pili hukaa miaka bila kujulikana. Kapime sukari kabla ya kula, au HbA1c: ikiwa 6.5 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, ndicho.

15. Nikirudi kliniki ya sukari, wao niwaambie nini?

Waambie una ugonjwa wa ufizi, siku uliyosafishwa, na dawa ulizopewa. Omba HbA1c miezi mitatu baada ya tiba, si wiki mbili, maana kabla ya hapo kipimo bado kinasoma damu ya zamani. Pima nyumbani asubuhi mara nyingi zaidi wiki hizo, hasa kama unatumia insulini au glibenklamidi: usaha na uvimbe vikishatoka, dozi ileile uliyoizoea inaweza kuwa kubwa kwako. Ukiona namba za 4 na kitu zinarudiarudia, nenda na daftari lako wakapunguze dozi kabla hujatetemeka.